Giaboksi ya uwiano 25 imekufa, stoo kuna ya 20: konveya itakimbia kwa kasi gani?

Kokoto_Lugoba

Wakuu, habari za kazi. Nipo kwenye mtambo wa kokoto hapa Lugoba. Konveya inayotoka krasha kwenda kwenye chekeche imepasua giaboksi, meno yameisha kabisa. Ile iliyokufa ilikuwa na uwiano wa 25. Stoo tuna nyingine ya umbo lile lile, shafti inaingia na mashimo ya bolti yanalingana, ila uwiano wake ni 20. Kuagiza ya 25 kutachukua muda, na bosi anataka tufunge hii ya 20.

Kabla sijafunga nataka kujua mkanda utakimbia kwa kasi gani. Nimeanza na ile ya zamani ili nione kama hesabu yangu inakubaliana na hali halisi. Kibati cha mota kinasema 7.5 kW, 50 Hz, 1450 r/min, 15 A. Mota imeungwa na giaboksi kwa kaplingi, hakuna puli katikati. Dramu ya mbele, ile inayovuta, kwenye mchoro imeandikwa 400 mm.

1450 nikagawanya kwa 25, dramu inazunguka mara 58 kwa dakika. Mzingo wa dramu ni 3.1416 × 0.4, yaani mita 1.257. Zidisha kwa 58 unapata mita 72.9 kwa dakika. Gawanya kwa 60, mita 1.21 kwa sekunde.

Tatizo ni hili. Kwenye daftari la matengenezo kuna kipimo walichochukua kwa chaki kabla giaboksi haijafa. Mkanda mzima una urefu wa mita 61.5, ulizunguka mara 5 ukiwa mtupu kwa dakika 3 na sekunde 54. Hiyo ni mita 307.5 kwa sekunde 234, sawa na mita 1.31 kwa sekunde. Hesabu yangu iko chini kwa karibu asilimia 8. Kama siwezi kuipata kasi ya giaboksi ya zamani, hiyo ya 20 nitaiaminije?

Juma_Spana

Mkuu, kosa lako ni kutumia 1450. Mota ya pole 4 kwenye 50 Hz ni 1500, hiyo ndiyo namba ya kukokotolea. Halafu kuna njia fupi: chukua kipenyo kwa milimita, zidisha kwa mizunguko ya dramu, gawanya kwa 19100, unapata mita kwa sekunde moja kwa moja. 1500 kwa 25 ni 60. 400 × 60 / 19100 ni 1.26. Umeona imesogea.

Na hiyo ya 20 usifunge. Kasi ikipanda robo, nguvu inayotakiwa inapanda robo, mota itaungua.

Pumba_Kahama

Mkanda ukiwa unateleza kasi inapungua, kaza kidogo, ukibonyeza katikati kwa kidole uzame kama unene wa mkanda wenyewe. Sisi huku tunabadilisha yote mitatu kwa pamoja hata kama ni mmoja tu uliokatika.

Kokoto_Lugoba

@Pumba_Kahama hiyo ni mikanda ya puli, ya V. Mimi nauliza mkanda mpana unaobeba kokoto. Kwangu hakuna puli.

@Juma_Spana hata kwa 1500 bado nimefika 1.26, na kipimo ni 1.31. Pengo halijaisha.

Mama_Beringi

Kokoto_Lugoba, hesabu yako imenyooka, tatizo lipo kwenye kipenyo. Hiyo 400 ya kwenye mchoro ni bomba la chuma. Dramu inayovuta kwenye mtambo wa mawe kwa kawaida imevalishwa mpira ili ishike mkanda. Mpira wa milimita 10 unaongeza 20 kwenye kipenyo, kwa sababu upo pande zote mbili. Hapo peke yake ushapata asilimia 5.

Kwa hiyo achana na mchoro, nenda kapime dramu yenyewe. Usihangaike kushika kipenyo kwa rula, hutaona kingo vizuri. Zungusha tepu kwenye dramu upate mzingo, maana mzingo ndio unaouhitaji kwenye hesabu. Pima katikati ya dramu, si pembeni, kwa sababu dramu nyingi zimetunishwa katikati ili mkanda ukae njiani, na mpira nao hauliki sawasawa. Na hakikisha unapima dramu iliyoungwa na giaboksi. Ya nyuma inafuata tu, na mara nyingi ni ndogo.

Kitu cha pili ni mkanda wenyewe. Unapopinda juu ya dramu, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa. Sehemu isiyovutika wala kubanwa ipo pale kwenye nguo, karibu na katikati ya unene, na hiyo ndiyo inayokwenda kwa kasi tunayoisoma kwenye chaki. Ongeza nusu ya unene wa mkanda kila upande, yaani unene mmoja mzima kwenye kipenyo. Kwenye dramu ya mita moja hutaiona tofauti. Kwenye ya 400 utaiona.

Zima umeme, funga kufuli kwenye swichi, funguo ukae nao mfukoni, ndipo uende na tepu.

Mwalimu_Warsha

Naongezea upande wa mota. Juma ana hoja lakini amechukua namba isiyotokea. 1500 ni kasi ya sumaku inayozunguka ndani ya mota. Rota haiwezi kuifikia, maana ikiifikia hakuna kitu cha kuisukuma. Mota ikiwa haina mzigo inakaribia sana 1500, na ikibeba mzigo wake wote inashuka hadi ile ya kwenye kibati, kwako 1450. Konveya tupu ipo katikati ya hizo mbili. Kipimo cha daftari kilichukuliwa mkanda ukiwa mtupu, kwa hiyo ukitaka kulinganisha tumia kama 1480. Ukitaka kasi wakati wa kazi, 1450 inatosha, na kosa lake ni dogo.

Angalizo kwa wengine wanaosoma: vibati vingi vina mistari miwili, wa 50 Hz na wa 60 Hz. Umeme wetu ni 50. Anayechukua 1740 ya mstari wa chini atapata kasi ya mkanda iliyozidi kwa asilimia 20.

Kokoto_Lugoba

Nimetoka kupima. Kweli dramu ina mpira, umeliwa kidogo katikati. Mzingo juu ya mpira ni mita 1.307. Nikigawanya kwa 3.1416 kipenyo ni milimita 416. Mkanda una unene wa milimita 10, nimepima kwa kalipa penye ukingo.

Kwa hiyo kipenyo cha kukokotolea ni 426. Nimeiweka fomula hivi, mnirekebishe:

```
v = 3.1416 × D × n / (60 × i)

D = 0.426 m   n = 1480   i = 25
v = 3.1416 × 0.426 × 1480 / (60 × 25)
v = 1.32 m/s
```

Daftari linasema 1.31. Sasa tumekaribiana.

Nikiweka 1450, yaani konveya ikiwa na mzigo, napata 1.29. Kwa giaboksi ya 20 na mzigo napata 1.62. Hiyo ndiyo hofu yangu, kutoka 1.29 hadi 1.62.

Mama_Beringi

Sasa upo sawa. Kabla hujaamini 1.62, soma kibati cha hiyo giaboksi ya stoo mpaka tarakimu za baada ya nukta. 20 ni jina la kundi. Uwiano wenyewe unatoka kwenye idadi ya meno, na meno hayagawanyiki vizuri kila mara. Wengine wanaandika uwiano kamili kwenye kibati, wengine kwenye katalogi tu. Kama kibati kimefutika, weka alama kwenye shafti zote mbili, zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono huku mwenzako anaangalia ya kutokea. Hesabu mizunguko ya kuingilia hadi ya kutokea itimize 10, kisha gawanya kwa 10.

Pumba_Kahama

Sawa, sasa nimeelewa ni mkanda gani. Basi na mimi nisaidieni. Nina konveya ya pumba, mota 1440, giaboksi ya 15. Nagawanya napata 96. Lakini dramu ukiitazama kwa macho inazunguka polepole kuliko hapo, unaweza kuihesabu kabisa. Mota ina puli ya 100, giaboksi ina puli ya 160.

Mwalimu_Warsha

Pumba, umeruka puli. 1440 ndiyo inayoingia kwenye puli ya mota, lakini giaboksi inapokea 1440 × 100 / 160, yaani 900. Ndogo inaendesha kubwa, kasi inashuka. Gawanya 900 kwa 15, dramu inazunguka mara 60 kwa dakika. Kuanzia hapo unaendelea kama Kokoto.

Kipenyo cha puli ya V usichukue cha ukingo wa nje. Mkanda unakaa ndani ya mfereji, na kwenye puli ndogo kosa hilo linaonekana. Nyingi zimeandikwa kipenyo cha kazi ubavuni.

Pumba_Kahama

60 ndiyo yenyewe. Nimeihesabu kwa saa ya simu, mara 29 kwa nusu dakika. Asante mwalimu.

Binti_Umeme

Kokoto, kwa nini msifunge inveta? 50 × 20 / 25 ni 40 Hz. Weka 40 Hz, mota inashuka, dramu inarudi kwenye kasi ya zamani na hakuna kitu kinachobadilika. Kesho ikija giaboksi ya 25 unarudisha 50.

Mama_Beringi

Binti, kasi itarudi, hapo umepatia. Lakini kuna kitu kinabadilika. Giaboksi ya 25 ilikuwa inaikuza nguvu ya kuzungusha ya mota mara 25. Ya 20 inaikuza mara 20 tu. Dramu inahitaji nguvu ile ile kupandisha mzigo ule ule, kwa hiyo mota inatakiwa isukume kwa robo zaidi. Inveta haiwezi kuongeza hiyo, maana mota ya 7.5 kW ukiiendesha kwa 40 Hz inaweza kutoa kama 6 kW bila kuzidiwa. Feni yake nayo inazunguka polepole, inapoa kidogo kuliko mwanzo.

Kokoto, mota ilikuwa inakula ampea ngapi ikiwa na mzigo?

Kokoto_Lugoba

Daftari linasema 11, mkanda ukiwa umejaa kawaida.

Mama_Beringi

Basi kwa 40 Hz ningetegemea kitu kama 13, labda chini kidogo. Usizidishe 11 kwa 1.25 moja kwa moja, kwa sababu sehemu ya hizo ampea inatengeneza sumaku tu na haitegemei mzigo. Kibati chako ni 15. Unaingia, lakini nafasi imepungua.

Sasa upande wa Juma, kwamba bila inveta mota itaungua. Hapo naomba tutenganishe mambo mawili. Krasha haikuongeza uzalishaji kwa sababu umebadilisha giaboksi. Tani zinazopanda kwa saa ni zile zile, na kazi ya kunyanyua inafuata tani na kimo. Mkanda ukienda haraka, kila mita inabeba kokoto chache. Kinachoongezeka ni msuguano wa mkanda na rola, ambao sasa unasukumwa kwa kasi zaidi. Kwenye konveya ya mlima wa mita 30 sehemu hiyo si kubwa. Ampea zitapanda, lakini si kwa robo.

Hatari ipo kwingine. Opereta akiona mkanda unapita haraka na haujajaa, atafungua mlango wa hopa. Mkanda ukijaa kama zamani kwa kasi mpya, hapo maneno ya Juma yanakuwa kweli tupu: tani zimeongezeka robo, nguvu imeongezeka robo. Umeme ukikatika mkanda umejaa namna hiyo, kuwasha upya ni shida.

Juma_Spana

Na maopereta watafungua, Mama. Nimewaona. Ndiyo maana nasema asifunge.

Mwalimu_Warsha

Kuna jambo la mdomo wa kumwagia pia. Kokoto zinaporuka kutoka dramu ya mbele zinaondoka na kasi ya mkanda. Tuseme zinaanguka mita 1 kabla ya kugusa chekeche. Zinachukua kama sekunde 0.45. Kwa 1.29 zinatua kama sentimita 58 mbele, kwa 1.62 kama sentimita 73. Hizo ni hesabu za kitu kinachoruka sawa na ardhi, na mkanda wako unapanda, kwa hiyo zitafika mbali zaidi kidogo. Sentimita 15 zinatosha kulipiga bati la mbele la sanduku badala ya kutua katikati. Litatoboka mapema, na kokoto zitakwenda upande mmoja wa wavu.

Kokoto_Lugoba

Hilo la bati sikuliwaza kabisa. Letu ukutani limeshachomelewa viraka tayari.

Nimesoma kibati cha ya stoo: i = 20.24. Nikiweka kwenye fomula na mota 1450 napata 1.60 na mzigo, na kwa 1480 mkanda mtupu 1.63. Hz za inveta zingekuwa 40.5 badala ya 40.

Uamuzi wa bosi: inveta hatuna, inafungwa ya 20 hivyo hivyo. Mlango wa hopa tutauchomelea kizuizi usifunguke kupita pale ulipo, na tutaning'iniza kipande cha mkanda chakavu mbele ya bati kipokee mapigo.

Mama_Beringi

Sawa. Kabla ya kuunga kaplingi, angalia vitu viwili kwenye hiyo giaboksi. Konveya yako inapanda, kwa hiyo ya zamani lazima ilikuwa na kizuizi cha kurudi nyuma, ndani yake au kwenye shafti ya dramu. Kama kilikuwa ndani ya giaboksi iliyokufa na hii mpya haina, umeme ukikatika mkanda uliojaa utarudi chini na kufukia watu wa kwenye hopa. Usiiwashe bila hicho.

Cha pili ni upande wa kuzunguka. Giaboksi yenye hatua mbili za meno na yenye tatu hazitoi mzunguko wa upande mmoja. Ukigeuza nyaya ili mkanda uende mbele, kizuizi nacho lazima kikubali upande huo. Ijaribu mota ikiwa peke yake kwanza, uone inakozunguka, ndipo uunge. Ukiwasha mota dhidi ya kizuizi unakivunja papo hapo.

Kokoto_Lugoba

Tumefunga. Kizuizi kilikuwa ndani, hii nayo inacho, upande tulilazimika kukigeuza. Mkanda mtupu, mizunguko 5 ya chaki imechukua dakika 3 na sekunde 10. 307.5 kwa 190 ni 1.62. Hesabu ilisema 1.63. Na mzigo mota inakula kama 12.

Kinachonisumbua ni kwamba safari zote mbili kipimo kimekuwa chini ya hesabu. Kidogo, chini ya asilimia 1, lakini zote zimeegemea upande mmoja. Mkanda unateleza?

Mwalimu_Warsha

Mimi nasema mkanda hautelezi, ni ile 1480 yangu ya kukadiria. Mota ikiwa 1470 pengo lako karibu liishe.

Juma_Spana

Au unene wa mkanda hauongezwi wote. Upande wa juu una mpira mnene kuliko wa chini, nguo haipo katikati, ipo karibu na dramu. Mimi sijawahi kuongeza unene na hesabu zangu zinakubali.

Mama_Beringi

Juma hapo ana pointi. Kwenye mikanda ya mawe mpira wa juu huwa mnene zaidi, na ukingoni hauliki kama katikati, kwa hiyo 10 yako huenda ni 9 pale mzigo unapopita. Lakini kutokuongeza kabisa ni kuzidisha upande wa pili.

Unaweza kutenganisha, Kokoto. Weka alama ya rangi mwisho wa shafti ya dramu, uhesabu mizunguko yake kwa dakika nzima ukiwa nje ya kinga. Kwa 1480 na 20.24 inatakiwa iwe kama 73. Ikiwa 72 na kitu, kasoro ipo kwenye mota, Mwalimu kapatia. Ikiwa 73 kamili, basi kasoro ipo kati ya dramu na mkanda. Hapo kipimo hiki hakiwezi kukuambia kama ni kuteleza au ni kipenyo, ila mkanda unaoteleza kweli unapasha moto dramu na kuacha unga wa mpira chini yake. Uliuona?

Kokoto_Lugoba

Unga upo, lakini kuna vumbi la kokoto kila mahali, sijui ni upi ni upi. Rangi nitaipaka Jumamosi tukisimamisha mtambo.

Pumba_Kahama

Ukipata namba ya dramu ilete hapa. Mimi yangu 29 kwa nusu dakika ni 58, hesabu inasema 60, na mkanda wangu wa V umelegea.